Cheti cha Kuingia Tangini

Pale Malaba, kando ya barabara ambako malori hupanga foleni ya mpakani hadi unachoka kuyatazama, kuna yadi ya kutengeneza matangi ya mafuta ambako watu hawapendi kugonga chuma ovyo. Wewe mgeni ukigonga mara mbili, kwa mazoea tu, utaona mafundi wameinua vichwa na kunyamaza. Hawakwambii kitu. Wanasikiliza kama kuna atakayejibu.

Ni kwa sababu ya Oluka. Oluka alikuwa fundi mkuu pale, mtu wa mzaha, na ndiye aliyemfundisha Emong, fundi mdogo wa yadi ile, kuchomelea. Siku zile utaratibu ulikuwa mmoja: tangi linaoshwa kwa maji na sabuni, fundi anainama kwenye mdomo wake juu, ananusa, akiona ni safi anashuka. Mwenzake anabaki nje akigonga ubavuni mara mbili, na wa ndani anajibu mara mbili, yaani nipo. Asubuhi ile Oluka alinusa, akasema safi, akashuka. Emong akagonga. Kimya. Aligonga mpaka ngumi zikachubuka, na walipomtoa Oluka hakuwa na jeraha hata dogo.

Mazishini watu walisema ni mapenzi ya Mungu, na mwenye yadi, mzee Hesbon, aliyasema hayo kuliko wote. Simnyimi haki yake: alinunua jeneza, akatoa ng'ombe, akampa mjane, Alaso, nafasi ya kuuza chai langoni bila kodi. Alilia pia, tena machozi ya kweli. Lakini cheo cha fundi mkuu hakumpa mtu, na koti la ngozi la Oluka likabaki limetundikwa ofisini, humo ndani ya kontena la chuma analoliita ofisi.

Emong naye, tangu siku hiyo, mkono wake ukawa na kazi yake. Anagonga sufuria. Anagonga pipa la maji, mara mbili, halafu anatega sikio. Mke wake, Brigid, alivumilia hadi uvumilivu ukamwisha. "Baba, huyo mtu hatajibu," alimwambia. "Kama unataka kumfanyia kitu, kifanye mahali pengine, watoto wanaogopa."

Basi akakifanya. Alisikia kuna mafunzo Kisumu ya usalama wa kazi ndani ya matangi, akauza mbuzi, akaomba ruhusa, akaenda. Huko walimwambia jambo ambalo lilimnyima usingizi kuliko kifo chenyewe. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa, unalala chini. Pua ya mtu aliyeinama juu inanusa hewa safi na kusema kweli tupu, huku mauti yamekaa kwenye sakafu yanangoja. Tena pua ikizoea petroli haisikii kitu. Ndiyo maana tangi hupulizwa hewa kwa feni, kisha hupimwa kwa mashine juu, katikati na chini, na hakuna anayeshuka kabla ya mashine kukubali. Emong alifanya mtihani, akapita, akapewa cheti chenye jina lake kamili. Wengine walipiga picha na vyeti vyao. Yeye alienda nyuma ya darasa akalia.

Sasa, mficha uchi hazai. Emong alikuwa bado analipwa kama fundi wa kawaida, na Brigid alikuwa na mimba ya tatu. Aliporudi akaingia ofisini, akaweka cheti mezani, akasimama kama mtu aliyeleta posa.

Hesbon alikisoma. "Hongera sana. Sasa?"

"Naomba mshahara uongezwe, mzee. Na cheo cha fundi mkuu."

"Kwa sababu ya hii karatasi? Karatasi haichomelei, Emong. Umeniletea cheti chako. Mimi kimenisaidia nini?"

Emong akachukua cheti chake, akatoka amejikunyata. Mimi ningekuwa jirani yake ningemwambia mapema: mwajiri halipi ulichosoma, analipa kile ulichosoma kinachomfanyia. Lakini Emong si mjinga. Alitulia. Akamshawishi Hesbon anunue mashine ya kupima, akaanza kupima kila tangi kabla ya fundi kushuka. Kuna kampuni ya malori ya ng'ambo, upande wa Tororo, iliyokuwa imehama yadi ile baada ya kifo. Emong akampigia simu msimamizi wao wa usalama, akamwalika aje aone kazi inavyofanywa. Msimamizi alikuja, akaomba kuona cheti, akasimama kando ya tangi mpaka kipimo kikaisha. Wiki iliyofuata malori yao yakarudi.

Ndipo Emong akarudi ofisini, cheti mkononi, na safari hii hakukiacha kijisemee.

"Mzee, uliniuliza kimekusaidia nini. Wale wa Tororo wamerudi, na msimamizi wao alisema bila mtu mwenye cheti hiki hawaleti lori hapa. Matangi yote napima mimi, na vijana wanashuka nikisema washuke. Kazi ya fundi mkuu naifanya tayari. Naomba nilipwe kama anayeifanya."

Hesbon aliinua uso. Hakutazama cheti. Alitazama koti.

"Unajua unaniomba nini?" akasema kwa sauti ya chini. "Nikilipia hiki cheti, nimesema kina maana. Na kama kina maana, basi Oluka..." Akapangusa uso kwa kiganja. "Mimi nilisimama kaburini nikasema ni Mungu."

Emong akateremsha cheti. Alikuwa hajawahi kulifikiria hivyo.

"Nitakuongeza," Hesbon akasema. "Cheo chukua, na mshahara wa Oluka, kuanzia mwisho wa mwezi. Nitakuandikia barua. Lakini mambo ya mvuke na mashine yaishie kazini. Yule mama wa chai usimwambie."

"Nimesikia, mzee," Emong akasema. Kusikia si kukubali, lakini alijionea aibu hata hivyo.

Alitoka nje. Furaha ilikuwepo, nisiseme uongo, ila ilikaa kifuani vibaya. Langoni Alaso alikuwa anamimina chai.

"Amekupa?"

"Amenipa, mama."

"Mungu ni mwema. Oluka angefurahi, alikuwa anakusema kila siku." Akafuta mkono mmoja kwenye leso, mwingine ukiendelea kumimina. "Lete nikione hicho cheti kilichokupandisha."

Angeweza kukataa. Angesema kimebaki ofisini. Lakini kilikuwa mkononi, na huyu ni mama aliyemlisha tangu akiwa mwanafunzi wa kushika nyaya. Akampa, bila neno.

Alaso alisoma polepole, midomo ikitembea. Usalama wa kazi ndani ya matangi. Kupima hewa kabla ya mtu kuingia. Akarudia mstari huo. Chai ikafurika kikombeni, mteja akavuta mguu.

"Haya yanasomwa muda gani?" akauliza.

Emong alifikiria barua ambayo haijaandikwa bado. Alifikiria tumbo la Brigid.

"Wiki moja, mama."

"Wiki moja."

"Ndiyo."

Alaso akaweka birika chini. Akakikunja cheti vizuri, akamrudishia. Akavuka yadi, akapita matangi, akafika kwenye lile kontena ambalo mlango wake ulikuwa umefungwa. Akagonga chuma kwa ngumi, mara mbili.

Mafundi wote waliinua vichwa. Ndani, Hesbon hakujibu.

Akagonga tena.