Sabuni Moja, Maneno Mawili

Nakuru ya miaka ile ya hamsini ilinifurahisha kuliko mji wowote nilioujua baadaye. Nilikuwa mtangazaji wa kiwanda kidogo cha sabuni. Tulikuwa na gari lenye kipaza sauti juu ya paa, na maneno ya tangazo aliyotupa tajiri wetu yalikuwa mafupi: "Ng'ara, uonekane!"

Jumamosi kwenye landhi, zile nyumba za wafanyakazi wa reli, nilipanda juu ya gari nikayatangaza maneno yale kwa mdundo. Vijana waliokuwa wakijiandaa kwenda dansi waliyaitikia, na sabuni iliisha. Nami nilijiona mtu wa maana kweli.

Kisha tukaenda soko la wafanyakazi wa mashamba, upande wa Molo. Huko kulikuwa na msichana aliyeuza viazi, ambaye tulishakubaliana naye kuoana. Kilichobaki ni idhini ya baba yake. Nikapanda juu ya gari, nikapaza sauti vilevile. Wazee waliokuwa wameketi kando wakatazamana. Mmoja akauliza taratibu, "Kwa umri huu, nionekane na nani?" Wenzake wakacheka, wakanigeuzia mgongo. Yule aliyeuliza alikuwa baba wa msichana.

Jioni ile msichana akaniambia, "Baba anasema mtu anayewafokea wazee kutoka juu hataoa kwake."

Niliumia sana. Wiki nzima niliyapima yale maneno. Sabuni ilikuwa ileile, na ahadi ileile: watu watakuona u safi. Ila kijana anataka atazamwe yeye. Mzee anataka nyumba yake isemwe vizuri. Na mzee haamrishwi.

Siku ya soko iliyofuata nikamwambia dereva azime kipaza sauti. Akanitania, "Leo unauza sabuni au unaungama?" Nikavua kofia, nikawaendea wazee kwa miguu, nikawasalimu mmoja mmoja. Nilipoulizwa habari ya safari nikaieleza yote, mvua na matope. Ndipo nikasema kwa sauti ya kawaida, "Wazee wetu, nguo safi ni heshima ya nyumba."

Baba wa msichana akauchukua mche wa sabuni, akaunusa.

"Maneno haya si yale ya juzi?"

"Ni yale yale, mzee. Nimeyashusha tu kutoka juu ya gari."

Hakucheka, lakini alinunua. Kisha akasema, "Kesho njoo nyumbani. Gari liache huko huko."

Nilikwenda. Chai ikaletwa, tukazungumza habari za mahindi na ng'ombe. Mwishowe akaweka kikombe chini. "Sabuni umeisemea vizuri. Sasa jisemee mwenyewe."

Mimi niliyezoea kujaza soko zima kwa sauti, sikupata neno la vijana wala la wazee. Nilitazama chini tu. Mzee akamwita mkewe. "Njoo umwone mkweo," akasema. "Leo ndipo amenyamaza."