Yahusu na Kifupisho cha "Mas."

Jina la Yahusu alilipata kwa ujumbe mmoja wa simu. Siku hiyo alikuwa amemtuma mdogo wake dukani, na alipokumbuka kitu alichosahau akamwandikia hivi: "Yah: Ununuzi wa sabuni. Rejea mazungumzo yetu ya asubuhi. Tafadhali ongeza chumvi." Mdogo wake, fundi simu mwenye ulimi usiojua likizo, aliporudi kibandani aliusoma kwa sauti mbele ya wateja wake, "Yah" akiitamka kwa urefu wake, Yahusu. Kufikia jioni, hata shangazi zao walikuwa wamelisahau jina alilopewa na wazazi.

Hakukasirika. Miaka kumi na mmoja alikuwa masjala, akipokea barua, akizisajili, akizipa namba na kuzifunga kwenye majalada. Wakubwa waliomcheka kwa utaratibu wake ndio waliokuja mbio, jasho likiwatoka, kila walipotakiwa kuonyesha barua waliyoapa kuwa waliijibu. Kasoro ilikuwa moja tu: miaka yote hiyo alikuwa wa mkataba, na mkataba wenyewe ulikuwa unakwisha mwezi huo bila ahadi ya mwingine. Kwa hiyo taasisi ya jirani ilipotangaza nafasi ya kudumu ya Afisa Masjala, aliomba siku ile ile.

Jumanne mwaliko ukaja kwa barua pepe. Aliusoma akiwa amesimama, kisha akaketi. Ulimwita kwenye usaili wa Ijumaa, saa tatu asubuhi, kwa nafasi ya Afisa Masoko. Aandae maelezo ya dakika kumi juu ya mbinu zake za kuvutia wateja, na athibitishe kuhudhuria kabla ya Jumatano, saa kumi jioni.

"Thibitisha, dada!" mdogo wake alishangilia. "Mengine utayasema huko huko."

"Nitasema nini? Kwamba nimekuja kwenye harusi ya watu nisiowajua?"

"Mbona wenzako wanaingia na wanakula?"

"Wale hawaombwi kumtaja bwana harusi."

Fundi akaacha utani. "Sikiliza. Ukiwaambia wamekosea, watakufuta. Ofisi haipendi kuonyeshwa kosa, hasa likiwa kosa kweli."

Maneno hayo yalimchoma, kwa sababu Yahusu alizijua ofisi kuliko mdogo wake. Usingizi ulimpaa. Asubuhi akaandika: anashukuru kwa mwaliko, unataja Afisa Masoko, ilhali yeye, kwa barua ya tarehe fulani na kwa kurejea tangazo namba fulani, aliomba Afisa Masjala, anaomba kujulishwa kama bado anafikiriwa kwa nafasi hiyo, Ijumaa saa tatu ameitenga. Akaambatisha nakala ya ombi lake, akatuma, kisha akapiga simu kuhakikisha imefika.

Afisa Utumishi alipokea huku akitafuna kitu. "Dada, wewe njoo tu. Tofauti ni herufi chache."

"Mheshimiwa, tofauti ni kazi nzima."

"Kwani masoko huyapendi?"

"Nayapenda nikiwa na kikapu. Naomba unijibu kwa maandishi."

Kutafuna kukakoma. Karatasi zikasikika zikipekuliwa. "Hapa kwenye orodha umeandikwa 'Afisa Mas.'... safu ilikuwa nyembamba, nikafupisha." Akafunua karatasi nyingine. "Lo! Akina Mas. wapo wa aina mbili."

Ikadhihirika kuwa watunza majalada wote walikuwa wameitwa waje kuuza, na wauzaji wote wameitwa waje kutunza majalada.

"Na hakuna aliyeuliza?" Yahusu alisema.

"Wote wamethibitisha, isipokuwa wewe. Huyu mmoja anasema kutunza majalada ni wito wake tangu utotoni."

"Aliomba nini?"

"Masoko."

Saa tisa na nusu barua mpya ikaingia. Mwaliko wa awali ulikuwa umefutwa "kutokana na sababu zilizo nje ya uwezo wetu." Yahusu aliyarudia maneno hayo mara mbili, akakiri kwamba ni ya kweli: kuandika neno zima kulikuwa nje ya uwezo wao. Nafasi sasa ilisomeka Afisa Masjala, Ijumaa ile ile, na badala ya maelezo ya kuvutia wateja kulikuwa na jaribio la vitendo: kusajili barua na kufungua jalada. Akathibitisha zikiwa zimebaki dakika kumi na mbili kufika saa kumi.

"Wamekuita?" mdogo wake aliuliza kutoka mlangoni.

"Wameniita mimi."

"Basi nitakuandikia ujumbe wa pongezi. Utaanza na Yah."

Yahusu alichapa mwaliko wa kwanza, barua yake, na mwaliko mpya, akazitoboa zote tatu kwa pamoja, akazipa namba kwenye pembe ya juu kulia: tatu, nne, tano, kwani moja na mbili, tangazo na ombi lake, zilikuwa tayari jaladani. Akapitisha uzi, akaukaza, akafunga jalada.