Sifuri ya Kisima cha Koboko

Niliacha shule darasa la sita, lakini kusoma sijawahi kuacha. Nasoma maandishi ya magunia ya simenti, karatasi za kufungia chapati, maelezo yaliyokunjwa ndani ya paketi za dawa. Nimefanya kazi nyingi na sikukaa katika hata moja. Mwaka ule nilikuwa na pikipiki, na maabara moja ndogo ya maji mjini Arua ilinipa kazi ya kubeba sanduku la barafu lenye chupa za maji, kutoka visima vya Koboko na kwingineko. Chupa zilitakiwa zifike zikiwa baridi na siku ileile. Kwa mara ya kwanza maishani mwendo wangu wa kasi ulikuwa na faida kwa mtu.

Safari ninayoisimulia nilimbeba pia fundi wa maabara, dada mmoja anayeishi Ediofe, kando ya mji. Tulikuwa tunaenda kwenye kisima kifupi chenye pampu ya mkono, katika mtaa wa Waislamu, na chini kidogo yake walipanga vyumba wafanyabiashara wa kutoka Sudani Kusini. Mtunza kisima alikuwa mama mmoja mzee. Wiki tatu kabla, mjukuu wake wa miaka miwili alikuwa ameharisha siku mbili akafa. Yeye ndiye aliyeomba maji yapimwe. Alikwenda ofisi ya maji mara nne, mpaka wakachoka naye wakalipa maabara.

Tulimkuta amefagia uwanja wote na kumwaga maji vumbi lisiruke. Zege la kisima lilikuwa limesuguliwa likawa jeupe. Akatukaribisha, akatupa chai ya tangawizi, kisha akauliza swali moja tu.

"Ile mtoto, maji ndio iliua yeye? Mimi ndio nilikuwa nachota, kila asubuhi. Nataka kujua."

"Tutapima, mama," dada akasema.

Akapima palepale vitu vinavyopimwa palepale. Akatia kidonge kidogo kwenye kichupa cha maji, maji yakageuka waridi, akalinganisha rangi na kipimo chake, akaandika. Akajaza chupa ya bakteria, tukaiweka kwenye barafu.

"Twende, daktari wa pikipiki," akaniambia. "Na usinirushe kwenye mashimo kama viazi."

Siku chache baadaye nilipewa ripoti nipeleke Koboko. Ilikuwa ya Kiingereza na mama hasomi, akaniomba nimsomee. Nikaruka jedwali, nikaenda chini kwenye hitimisho ambalo mkuu wa maabara aliliandika kwa herufi nzito: hakuna bakteria wa kinyesi, maji ni salama kunywa, kisima hakihitaji hatua yoyote.

"Maji iko safi?" akauliza.

"Iko safi, mama."

Akafunika uso kwa mtandio, akalia muda mrefu bila sauti. Alipomaliza alisema alhamdulillahi, akaenda kunichotea maji ya kisima kile. Nikanywa yote.

Nakala ya ripoti ilibaki mfukoni mwangu. Juma lililofuata, nikisubiri abiria kwenye kituo cha Inde, nikaitoa kwa kukosa kitu kingine cha kusoma. Safari hii nilisoma jedwali, mstari kwa mstari. Bakteria wa kinyesi: sifuri. Naitreti: arobaini na sita, kiwango cha mwisho hamsini. Halafu klorini: moja na nusu.

Nilirudia mstari ule. Klorini najua ni nini, niliwahi kupakia mapipa yake kwenye lori. Haitoki ardhini. Kisima kile hakina tangi wala bomba la dawa. Basi nani aliitia, na lini? Na kama ilikuwamo asubuhi ile, sifuri ile inasema nini juu ya asubuhi nyingine?

Nilikwenda Arua bila abiria. Dada alikuwa maabara anaosha vyombo vya kioo. Nikamwonyesha mstari kwa kidole.

"Nilidhani ofisi ya maji wanatia dawa," akasema. "Sikuuliza. Niliandika namba, nikamwachia mkuu hitimisho, na mkuu aliangalia ile sifuri peke yake."

"Kwa hiyo ripoti ni ya uongo?"

"Namba ni za kweli. Siku ile, maji yale hayakuwa na bakteria. Lakini klorini huwaua. Huwezi kutoka hapo ukasema kisima ni salama siku zote. Na naitreti hii, ambayo huletwa na kinyesi au mbolea, hata kama haijapita kiwango, kwenye visima vya jirani haifiki kumi. Huenda kuna choo karibu." Akanitazama. "Wewe kweli uliishia darasa la sita?"

"Hata hilo sikulimaliza."

Hakucheka. Tulikwenda pamoja Koboko. Mama alitupokea kwa furaha iliyonichoma. Dada akamuuliza kama kuna mtu alitia dawa kisimani kabla ya siku ya kupima.

"Mimi," akasema mama, bila kuona kosa. "Ile poda walitupa wakati wa kipindupindu, ilibaki. Wageni wanakuja, nitawapa maji ya hivihivi? Nilifagia, nilisugua, nilifungua kifuniko nikamwaga dawa. Iko vibaya?"

"Si vibaya, mama," dada akasema. "Ila tulipima dawa yako. Hatukupima kisima chako."

Uso wake ukabadilika polepole, na nikatamani ningeitupa ile karatasi kule Inde.

Tukawaomba watu wachote kama kawaida kwa siku kadhaa bila kutia kitu, ila ya kunywa waichemshe. Dada aliporudi, maji yenye kidonge hayakugeuka waridi hata kidogo: klorini haikuwamo. Akachukua chupa mpya. Kesho yake jioni aliniita maabara nione. Kwenye sahani ndogo, ambako kipimo cha kwanza hakikuonyesha kitu, palikuwa na vidoti vya manjano, kila kimoja kundi la bakteria. Tulivihesabu wote wawili, kila mmoja kivyake: thelathini na nne. Inatakiwa pasiwe na hata kimoja.

Safari hii dada aliandika hitimisho mwenyewe, na alilisoma mwenyewe mbele ya mama. Maji ya kisima hiki yana uchafu wa kinyesi. Yasinywewe mpaka chanzo kijulikane.

"Basi ni mimi," mama akasema. "Kwa mkono wangu."

"Hapana, mama. Karatasi hii haisemi hivyo." Dada akapiga magoti karibu naye. "Inasema maji yalivyokuwa juzi. Ile siku ya mtoto hakuna aliyepima. Na mtoto, hospitali walimpima?"

"Tulifika, akawa amekwisha."

"Basi hatujui. Inawezekana ni maji, inawezekana ni kitu kingine. Nikikuambia ni maji, nitakuwa nimefanya kosa lilelile la mkuu wangu."

"Mtajua lini?"

"Hatutajua, mama."

Mama akaitazama karatasi asiyoweza kuisoma. Nilidhani angeshukuru kwa kuachiwa nafasi ya shaka. Hakushukuru.

Mchana fundi wa pampu alikuja kuondoa mpini. Watu walisimama na madumu yao, mmoja akanung'unika kwamba ni mimi niliyeleta haya. Mama alizipokea boliti moja moja, akazifunga kwenye pindo la nguo yake, kisha akaja hadi kwenye pikipiki.

"Ile wiki moja ulisema maji iko safi," akaniambia, "mimi nililala."

Aliokota dumu lake na kuanza kuteremka kuelekea kisima cha pili, ambacho kwa mguu ni karibu nusu saa. Nikamwambia apande. Akakataa kwa mkono, bila kugeuka.