Barua ya Turubai Lililoanguka Kigombe

Ujumbe uliingia Jumatatu asubuhi, hata chai sijamaliza. Sauti ya dakika nne, mwanamume anapiga kelele mpaka simu inakoroma. "Nyie ni wauaji! Mmemvunja mama yangu nyonga kwenye harusi ya binti yangu, na mpaka leo hajatokea hata mmoja wenu kusema pole. Nataka jibu la maandishi kesho kabla ya adhuhuri. Nisipolipata, tutaonana mahakamani!"

Wauaji! Mie sipendi kutukanwa, na asubuhi ndiyo kabisa. Nikavuta karatasi nimjibu palepale. Turubai lilifungwa sawasawa, vijana wetu waliliacha limesimama, nyie wenyewe mlifanya mnayoyajua. Nilifika mstari wa tatu nikaweka kalamu chini.

Kwa sababu nilikuwa nayajua. Jumamosi ile, saa nne asubuhi, mwanamke alinipigia kutoka Kigombe. Ni mke wa huyuhuyu bwana, mama wa bibi harusi. Gari la masufuria ya pilau limekwama, kamba ya turubai imeziba njia, na vijana wetu wameshaondoka. Nikamjibu huku nahesabu viti vya shughuli nyingine: "Fungua moja tu, dada, gari likipita mfunge." Sikumuuliza kamba ipi wala atakayeifunga nani. Alasiri upepo ukazidi, nguzo ya upande ule ikang'oka, ikamwangukia bibi wa watu aliyekaa kwenye mkeka anacheka na wenzake.

Ofisi yetu ni ndogo, tunakodisha maturubai na viti hapa Tanga mjini. Mwenye mali ni mama mtu mzima tunayemwita Hajati, na barua zote naandika mie. Hajati aliposikiliza ile sauti alishika kichwa. "Lahaula! Mwandikie sasa hivi tumekosa, watusamehe, tutalipa kila kitu mpaka bibi asimame."

Huo ndio uungwana tuliolelewa nao. Mtu akiumia kwenye shughuli yako, unakwenda, unainama, unasema nimekosa, hata kama hujui umekosa nini. Nami nilitamani nimtii. Lakini tulikuwa na bima ya watu wanaoumia kwa vifaa vyetu, na Hajati mwenyewe, nilipomkumbusha, aliniambia nimpigie kwanza afisa wa madai.

Afisa hakupaza sauti, ila alinikatisha mara mbili. "Shikamoo yake Hajati mfikishie, lakini barua hiyo isitoke. Masharti ya bima yanasema msikiri kosa wala msiahidi malipo kabla hatujakubali. Mkiandika tumekosa, kampuni inaweza kulikataa dai lote. Hapo huyo bibi atatibiwa na nani? Nyie mnaziweza gharama za nyonga?"

Hatuziwezi. Tungeuza maturubai yote na viti juu, bado tusingefika. Bibi alikuwa amelala hospitali ya mkoa akisubiri kuwekewa chuma, na familia yake ni ya wavuvi. Dai likikataliwa, atabaki kitandani.

"Na kuna jambo unalijua la siku hiyo?" akauliza.

Nikamweleza ile simu. Akasema nimwandikie yeye yote, saa na namba, bila kuficha hata neno. "Kwa mteja, tukio mweleze, lawama iache. Usijibebeshe, wala usimbebeshe yeye. Hiyo simu nayo iache mpaka mkaguzi wetu amalize kazi yake."

Nimeandika barua nyingi, lakini ile ilinitoa jasho. Nikiweka neno "kosa", nafuta. Nikiweka "usumbufu uliojitokeza", naona haya. Mtu kavunjika nyonga, usumbufu wa nini? Hajati kakaa mbele yangu na tasbihi, kila nikifuta anaguna. Mwisho nikaandika hivi:

"Tumepokea malalamiko yako na tumeyasikiliza mpaka mwisho. Tunajua kwamba Jumamosi alasiri nguzo ya turubai tulilolileta ilianguka ikamwumiza mama yako nyonga, mbele ya wageni, siku ya furaha yenu. Tunakupa pole wewe na yeye, na tunasikitika kwamba siku mbili zimepita bila kusikia sauti yetu. Una haki ya kukasirika. Chanzo cha nguzo kuanguka bado kinachunguzwa, kwa hiyo hatuwezi kusema leo nani anawajibika. Turubai hilo na nguzo zake tumeviweka kando, havitatumika mpaka vikaguliwe. Mkaguzi wa bima atafika kwenu Alhamisi. Tafadhali tunzeni karatasi zote za hospitali. Nitakupigia mimi mwenyewe kila asubuhi."

Hajati alisoma, akasema, "Umeandika yote, ila nililokutuma hukuandika." Lakini akatia sahihi kando ya yangu. Afisa akabadilisha neno moja, akaipitisha. Jioni ile Hajati akaenda hospitali kumjulia hali mgonjwa na chupa ya uji, nami nikamsihi njia nzima asiahidi kitu. Alimshika bibi mkono, akasema pole, akanyamaza. Najua ilivyomuuma.

Barua ilifanya kazi. Nilipompigia Jumanne asubuhi yule bwana alinijibu kwa mkato. Jumatano akanisalimia kabisa. Alhamisi mkaguzi akaenda Kigombe, akapima, akapiga picha. Nikaanza kujisifu moyoni, haki ya Mungu, nikajiona fundi wa maneno.

Ijumaa baada ya swala akanipigia yeye. Sauti laini, sikuitambua.

"Dada yangu, niwie radhi. Nilikutukana bure. Nimeuliza pale nyumbani, kumbe kamba alifungua mke wangu."

Nikafunga mlango wa ofisi.

"Eti anasema aliwapigia, mkamwambia afungue. Nikamwekea barua yako mbele yake, mbele ya kaka zangu wote. Nikamwambia, haya, tuonyeshe, imeandikwa wapi humu? Hawa watu wameeleza kila kitu, wangeficha hilo? Akalia tu. Nimemrudisha kwao Moa tangu juzi. Mtu aliyemvunja mama yangu halafu akasingizia watu siwezi kukaa naye."

Jamani. Kila mstari wa ile barua ulikuwa kweli. Niliutafuta uongo ndani yake, sikuuona, na mwanamke kafukuzwa kwake kwa hiyohiyo kweli. Afisa alikuwa amesema nisubiri. Bibi alikuwa bado hajawekewa chuma. Niseme ukweli wangu, niliogopa.

"Kaka," nikasema, "sisemi nani mwenye kosa, hilo silijui na si langu kulisema. Nakwambia kilichotokea. Jumamosi saa nne mkeo alinipigia. Aliuliza kabla ya kugusa kitu. Mie ndiye niliyemwambia afungue. Mkaguzi wa bima anajua, nilishawaandikia."

Nikangoja matusi, na safari hii ningeyapokea.

"Mbona kwangu hukuandika?"

"Niliambiwa nisubiri. Na niliogopa."

Kisha akasema, "Iandike sasa. Nakwenda Moa leo. Nikaisome mbele ya ndugu zake, kama nilivyosoma ile mbele ya wangu."

Sikumpigia afisa. Niliandika mistari mitatu, siku, saa na maneno niliyomwambia yule mama, nikaweka jina langu peke yake chini.