Karatasi Isiyo na Mkia

Lubumbashi kesi zinasemwa kwa Kifaransa na matusi kwa Kiswahili. Kiingereza hakina nyumba pale. Kinakuja kutoka Zambia, ng'ambo ya mpaka wa Kasumbalesa, kimekunjwa ndani ya mfuko wa suruali, kina mhuri, na mwenye suruali anatetemeka. Kwa woga wa namna hiyo Mama Adolphine alikuwa amekula na kusomesha watoto watatu kwa miaka kumi na tisa.

Baba yake alikuwa fundi wa treni aliyehamishiwa Ndola, Zambia, na huko Adolphine akasoma mpaka Kiingereza kikamkaa mdomoni. Aliporudi aliapishwa kuwa mtafsiri wa mahakama, akapanga chumba kidogo mjini kati, si mbali na ofisi za mawakili, akaweka meza, mashine ya kuchapa nakala na viti viwili. Wateja wake wengi walitoka komini ya Kenya, mtaa wa humo humo Lubumbashi: wauza nguo, wauza simu, madereva, watu wenye safari za Zambia kila wiki na wasio na muda wa kusoma.

Na karatasi za huko zina maneno yasiyo na ndugu kwetu. Chukua lile neno lao la upangaji. Kwetu tunajua kulipa nyumba, tunajua garantie, ile amana ya miezi inayotangulia, tunajua mwenye nyumba anayekuja kugonga mlango Jumapili kabla ya misa. Lakini neno lao halisemi kodi wala mkataba. Linasema ile haki yenyewe ya kukaa ndani ya nyumba ya mwingine. Neno moja la Kiswahili la kulibeba lote hakuna, na Adolphine hakuwahi kujidanganya kwamba lipo. Aliandika neno lililokuwa karibu, halafu chini yake akashona sentensi mbili tatu: "Maana yake ni kwamba una haki ya kukaa humo kwa muda mliopatana, hata kama mwenye nyumba hakupendi tena." Wateja waliziita sentensi hizo mkia. "Mama, leo hujaniwekea mukia?" walimtania, nao walikuwa na haki ya kuulizia, maana mkia ndio waliousoma. Neno la juu lilikuwa la mawakili.

Mwezi wa tatu mume wake Lucien aliugua siku nne, akafa. Alizikwa Jumatano. Jumatatu iliyofuata Adolphine alifungua ofisi. Watu walisema ni jasiri, na watu husema mengi. Ukweli ni kwamba nyumbani, mtaa wa Bel-Air, kulikuwa na kiti kimoja alichoshindwa kukitazama, na ofisini hakikuwepo. Hakulia. Aliona ajabu kidogo kwamba hakulia, kisha hata ajabu yenyewe ikamtoka. Alikula alichopewa na kuitikia pole alizoambiwa, na mikono yake ikajua kazi bila yeye.

Jumatatu hiyo hiyo akaingia Myriam, mama mwenye meza ya vitenge soko la Kenya. Kijana wake Stéphane alikuwa amekamatwa Chililabombwe, upande wa Zambia, na pikipiki ambayo polisi walisema ni ya wizi. Siku tisa alikaa ndani. Sasa alikuwa ametoka, amefika nyumbani, amenyoa na amelala, na karatasi aliyotoka nayo hakuna aliyeielewa.

Adolphine aliisoma. Ilikuwa ile karatasi ya kumwachia mshtakiwa akingojea kesi. Pesa haikulipwa hata moja. Clément, mdogo wake Myriam, mwenye kazi ya umeme mgodini huko huko Zambia, alitia sahihi kama mdhamini: Stéphane asiporudi, yeye ndiye atakayedaiwa. Adolphine alikuwa amekwisha kuitafsiri karatasi kama hiyo mara mia, na mkia wake aliujua kwa moyo. Siku ile aliandika: "Ameachiwa kwa caution. Atafika mbele ya mahakama tarehe 14." Akapiga mhuri. Mkia hakuuandika. Sentensi ndefu ilimshinda, kama ngazi inavyomshinda mtu aliyetoka hospitali.

"Na hii tarehe, mama?" Myriam akauliza.

"Ni tarehe ya tribunal."

"Ah. Ile ya bo."

Myriam akacheka, kana kwamba tarehe ni ya mahakama peke yao, akashukuru, akaenda. Na msimcheke nyinyi mnaosoma. Neno caution analijua kila mtu Lubumbashi: unalipa, unatoka, unafunga mdomo. Kama hukulipa kitu, basi Mungu amekuhurumia maradufu. Na mtu aliyetolewa cachot, mahabusu, harudi kule kusalimia, kwa maana akirudi ataliwa mara ya pili. Ndivyo Myriam alivyolelewa, na mitaani kwake hekima hiyo imeokoa wengi. Tarehe 14 ikapita, na Stéphane alikuwa sokoni akiuza simu.

Wiki tatu baadaye Myriam alirudi, safari hii bila kucheka. Alitoa karatasi mpya iliyotumwa na Clément. Mahakama ilikuwa imetoa amri Stéphane akamatwe popote atakapoonekana upande wa Zambia. Clément mwenyewe aliitwa aende kueleza kwa nini asilipe kile alichojifungia kwa sahihi yake. Akishindwa kueleza na kulipa, vitu vya nyumbani vitakamatwa na kuuzwa. Visipotosha, anaweza kufungwa hadi miezi sita.

"Clément alifanya nini?" Myriam akauliza. "Yee haikuiba. Haikuwa hata na ile piki."

Adolphine akaiomba tafsiri yake ya kwanza, akaiona ilivyokuwa fupi. Alingoja moyo umpasuke, ukakataa. Akaweka kalamu chini, akafanya alichopaswa kukifanya zamani.

"Mama Myriam, unisikilize. Stéphane hakufunguliwa kabisa. Walikuazima yeye kwa muda. Kesi iko nzima. Clément alisema mbele ya hakimu: mimi ninamjua, atarudi siku ile, asiporudi mnikamate mimi kwa vitu vyangu. Hakulipa kwa sababu aliweka jina lake. Stéphane alipobaki hapa, aliliangusha lile jina."

Myriam akatoa simu. Akamwita mwanawe.

Stéphane alifika na kofia mkononi, kijana wa miaka ishirini na minne, macho chini. Adolphine akarudia yote. "Mi nalizania inaisha," akasema. Mama yake hakumpigia kelele. Alimwambia tu kwamba mjomba wake Clément ndiye aliyemlipia shule miaka miwili, yeye mama alipokosa kazi, na kwamba kesho watavuka. Stéphane akakubali. Ilikuwa wazi kwamba anaogopa, na ilikuwa wazi kwamba atakwenda.

Wakili wa Clément akampigia Adolphine simu. Alitaka ile karatasi ya kiapo ambayo mahakama zao hazitembei bila hiyo. Hata jina lake halina mwenzake huku. Kwetu kuna déclaration sur l'honneur, tamko la mtu kwa heshima yake tu, ambalo watu wanalitia sahihi kama wanavyomsalimia jirani. Ya kwao inasimama kizimbani mahali pako: unaapa mbele ya kamishna wa viapo, na uongo ulioandikwa humo ni sawa na uongo uliosemwa mbele ya hakimu.

"Sema tu tafsiri yako ilikuwa sahihi, na familia haikuielewa," wakili akapendekeza.

Na tafsiri ilikuwa sahihi kweli. Hapo ndipo palipokuwa na mlango, na mlango ulikuwa wazi. Neno kwa neno hakuna ambaye angemkosoa. Akiandika kwamba aliacha kitu, mawakili wa mjini watasikia kabla jua halijazama, na mtafsiri aliyekiri kosa huanza kuhesabu siku za mhuri wake. Adolphine alilijua hilo vizuri, kama unavyojua bei ya mkate. Halikumtisha. Hakuna kilichomtisha mwezi ule. Msiuite huo ushujaa. Mficha uchi hazai, basi akaandika:

"Ninafahamu kwamba neno nililotumia, kwa watu wa Lubumbashi, lina maana ya malipo yanayomaliza jambo. Kwa desturi ninaongeza maelezo. Safari hii sikuongeza. Bi Myriam aliniuliza juu ya tarehe, nami sikumweleza kwamba ni lazima mwanawe arudi."

Walivuka Kasumbalesa watatu, wakashuka Chililabombwe mbele ya mahakama. Clément aliwangoja pale na shati lake la kazi. Alimkumbatia dada yake, akamshika Stéphane bega, na Adolphine akampa mkono bila kumlaumu. Kamishna wa viapo alimuuliza Adolphine kama yote ni kweli. Akasema ni kweli, akatia sahihi.

Hakimu alisoma kila karatasi kimya. Kisha akamtazama Adolphine.

"Kwa nini safari hiyo hukuongeza maelezo?"

"Nilikuwa nimemzika mume wangu Jumatano, mheshimiwa. Sikuwa na nguvu za kueleza."

Hakimu aliandika kitu. Akasema mdhamini ametoa sababu ya kutosha, na kwamba mshtakiwa amejileta mwenyewe. Clément hatadaiwa. Clément akafunika uso kwa mikono miwili. Lakini hakimu hakuwa amemaliza. Mshtakiwa alivuka mpaka, akaruka tarehe yake, na sasa hana mdhamini tena. Ruhusa yake ya kuwa nje imefutwa. Atangojea kesi gerezani. Askari akamgusa Stéphane mkono, naye akasimama.

Kwenye korido Myriam alimvuta Adolphine kitambaa. "Alisema nini? Mbona banamubeba?"

Adolphine angeweza kusema, "wamefuta caution", maneno mawili tu. Hakusema hivyo. Alimketisha kwenye benchi na kumweleza polepole: kwamba kesi bado haijaamuliwa, kwamba kufungiwa huku si adhabu, kwamba hakimu hamwamini tena kurudi kwa sababu mara ya kwanza hakurudi, kwamba wakili anaweza kuomba tena ila itakuwa vigumu, na kwamba kesi itasikilizwa baada ya wiki sita. Aliushona mkia wote, mpaka ncha.

Myriam alisikiliza akitikisa kichwa.

"Sasa nasikia muzuri," akasema. "Kama ulinielezea vile ile siku ya kwanza, mi mwenyewe nalikuwa namurudisha. Leo tulikuwa tunarudia naye ku nyumba."

Hakusema kwa hasira. Hasira ingekuwa nafuu.

"Ni kweli, mama," Adolphine akajibu.

Ndipo ikamuuma, mara ya kwanza tangu mazishi. Ilimuuma chini ya mbavu, mahali ambapo alidhani hapana kitu tena, na alipotafuta Lucien katika maumivu yale hakumkuta. Alimkuta kijana wa watu na kofia yake mkononi. Machozi yakatoka, Myriam akayaona, na Myriam hakumfuta.

"Simama," akamwambia. "Kabla gari yao haiyaenda, tumutafutie mutoto sabuni ya kule gerezani."