Shemeji Kwenye Swali la Nne

Tulikuwa walimu watatu wa ujasiriamali kwenye vyuo vidogo vya ufundi: mimi wa Bunda, mzee mmoja wa Butiama aliyekuwa na ng'ombe wengi kuliko wanafunzi, na mwenzetu wa Musoma ambaye pia ni mzee wa kanisa. Tulikubaliana mafundi wetu, washona nguo, maseremala na wachomeleaji, wafanye jaribio moja. Mimi ndiye niliyepewa kazi ya kulitunga.

Maswali matatu ya mwanzo yalikuwa mepesi. La nne ndilo lililobeba mzigo. Kijana anataka kukaanga sato pale Nyamuswa na kuwauza. Samaki mmoja anamnunua shilingi elfu tatu, mafuta na mkaa mia tano, anamuuza elfu nne. Banda na usafiri ni elfu ishirini na tano kwa wiki, auze asiuze. Anatarajia kuuza samaki sitini kwa wiki. Hatari: ziwa likichafuka, samaki hupanda bei kwa mia tatu, na wateja hawakubali bei mpya. Mwanafunzi apige hesabu, apime hatari, kisha aamue: mpango huu unafaa au haufai? Sikutaka jibu moja. Nilitaka sababu, na sababu zitoke kwenye taarifa zilizopo kwenye karatasi, si kichwani mwa mtu.

Tulikutana Butiama kulipitia. Mwalimu wa Musoma alisoma swali mara mbili, akavua miwani.

"Madam, sioni fungu la kumi."

"Fungu la kumi si gharama ya biashara, mwalimu. Linatoka kwenye faida."

"Basi andika kwamba kijana ni muumini, ili mwanafunzi ajue faida haiishii mfukoni."

Mzee wa Butiama naye alikuwa na lake. "Kwa nini asinunue ndama? Ndama haozi."

"Swali ni la samaki, mzee."

"Ndiyo maana biashara itakufa."

Asubuhi nzima ilikwisha kwenye ndama. Mwishowe mzee alikubali samaki kwa sharti moja: tuweke hatari ya kweli, siyo mawimbi tu. "Biashara za huku haziuawi na mawimbi," alisema. "Zinauawa na shemeji."

Tulicheka, kisha tukaacha kucheka, maana alikuwa amesema jambo la kufundishika. Tukaandika hatari ya pili: kaka wa mke wa mwenye biashara huchukua samaki watano kila wiki, miongoni mwa wale sitini, kwa ahadi ya kulipa mwisho wa mwezi. Nilipiga hesabu nikafurahi peke yangu. Kwenye kila samaki kijana anabakiwa na mia tano, kwa hiyo akiuza hamsini hapati faida wala hasara, na akiuza sitini anapata elfu tano. Shemeji asipolipa, elfu ishirini zinapotea, na faida inageuka hasara ya elfu kumi na tano. Mpango mzima ulisimama juu ya tabia ya mtu mmoja. Mtunga maswali hapati zawadi kubwa kuliko hiyo.

Alama zilikuwa kumi: mbili za idadi ya kutopata faida wala hasara, mbili za faida, tatu za kueleza hatari na njia ya kuzipunguza, tatu za uamuzi wenye sababu. Anayesema unafaa na anayesema haufai wote waliweza kupata kumi.

Jaribio likafanyika. Tulipokaa Bunda kusahihisha, tuligundua kwamba ziwa limesahauliwa kabisa. Wanafunzi walikuwa wameandika shemeji, shemeji, shemeji. Mmoja alipendekeza shemeji aajiriwe, bei ya samaki ikatwe kwenye mshahara wake. Mwingine alisema banda lihamie Suguti, mbali na shemeji. Lakini wengi, hasa wachomeleaji, waliandika njia moja ya kupunguza hatari: kijana amwache mkewe.

"Sifuri," alisema mwalimu wa Musoma. "Ndoa haivunjwi kwa ajili ya sato."

"Mpe alama," alisema mzee wa Butiama. "Tena umwongeze. Akiachana na mke, atarudishiwa ng'ombe aliowatoa mahari. Huo ni mtaji!"

"Mzee!"

"Mimi nasema kibiashara."

Walibishana mpaka chai ikapoa. Nikawasomea maelekezo yetu wenyewe: tumia taarifa ulizopewa. Ng'ombe hawakutajwa kwenye karatasi. Tukakubaliana kwamba anayetaja talaka hapati alama ya njia, ila anapata ya kutambua hatari. Mzee alisaini kwa kinyongo.

Nilidhani yameisha. Wiki iliyofuata nilikuwa ofisini kwangu, pale chuoni Kabasa, bodaboda ikasimama mlangoni, akashuka mwanaume wa makamo mwenye shati la kanisani. Hakukaa.

"Madam ndiye umetunga mtihani wa samaki?"

"Ndiyo, kaka. Karibu."

"Mimi ndiye shemeji."

Nyamuswa kweli yuko mkaanga samaki, na huyu alikuwa kaka wa mkewe. Wanafunzi walikuwa wamerudi nyumbani na karatasi, zikazunguka mnadani. Sasa watu walikuwa wanamwita Hatari ya Pili. Hata mchungaji wake alimsalimia hivyo, akaomba msamaha baadaye.

Nilimwapia kwamba simjui, wala shemeji yake simjui, kwamba kijana wa kwenye karatasi hajazaliwa. Nikampa karatasi aone hakuna jina. Akaisoma taratibu, akavuta kiti.

"Nipe kalamu. Nami nifanye."

Sikujua kama kuna kanuni inayokataza. Alifanya. Faida aliipata sawasawa. Idadi ya hamsini hakuigusa. Kuhusu ziwa aliandika vizuri, kwamba kijana akaushe dagaa wakati sato wamepanda bei. Kuhusu shemeji aliandika: "Hii siyo hatari." Uamuzi wake: "Mpango unafaa sana kwa sababu shemeji atalipa."

Nilimsahihishia kwa haki niliyowapa wengine. Mbili za faida, moja ya hatari, moja ya kuchagua upande.

"Nne?" Alisimama. "Yaani nimefeli mtihani unaonihusu mwenyewe?"

"Hukutoa ushahidi, kaka. Umesema atalipa. Kwenye karatasi ni wapi panapoonyesha atalipa?"

"Ushahidi ninao." Akatoa simu, akapiga, akaweka sauti kubwa. "Shemeji, niko hapa chuoni. Hebu mwambie madam. Mimi silipaga?"

Upande wa pili kulisikika mafuta yakichemka kwenye karai. Halafu sauti, ya upole kabisa:

"Unalipaga, shemeji. Unasemaga mwisho wa mwezi. Hujawahi kusema mwezi gani."

Alikata simu. Nikajifanya napanga makaratasi. Nilimwonea huruma kweli. Nilimweleza kwamba hata kama angesifiwa, nisingeongeza alama, maana simu haikuwa kwenye taarifa zilizotolewa. Nadhani hilo lilimfariji, kwa sababu alikaa tena.

"Na hii hamsini mnaipataje?"

Tukaigawanya pamoja, elfu ishirini na tano kwa mia tano. Alirudia mara tatu, kisha akapiga na ile ya ziwa likichafuka, ambapo kwa kila samaki inabaki mia mbili tu. Wakaja samaki mia moja ishirini na tano. Akapiga mluzi. "Huyu kijana ataumia sana," alisema, kwa uchungu wa mtu anayemfahamu.

Kabla ya kuondoka alitaka matokeo yake yapigwe muhuri. Mkuu wa chuo alinitazama, akatazama ile nne juu ya kumi, akatazama shati la kanisani, akapiga muhuri. Nilimsindikiza hadi barabarani. Akapanda bodaboda na karatasi yake ameikunja vizuri kifuani, akaniuliza jaribio la muhula ujao litahusu nini. Nikamwambia kuku.

"Maskini wafuga kuku," alisema, akitikisa kichwa. "Nao wana shemeji zao."