Pendekezo la Likizo ya Mwanza

Simioni Marwa, bwana mifugo wa Itiryo, alikuwa mtu wa kukubali. Ukimwambia leo Jumanne, naye anajua fika kuwa ni Jumatano, atakujibu, "Naam, inaelekea." Kwenye mikutano ya kijiji mkono wake ulikuwa juu kabla hoja haijamaliza kusomwa. Watu walimpenda sana kwa tabia hiyo. Aliyekuwa hampendi kwa tabia hiyo alikuwa mmoja tu, na ndiye aliyekuwa akilala naye.

Bhoke, mkewe, jambo hilo lilikuwa limemfika kooni. Ndoa yao ilikuwa inatimiza miaka ishirini na mitano, padri alishawaombea misa, na jirani zao walialikwa kula chakula cha jioni uani kwao. Asubuhi ya siku hiyo, huku akimnyonyoa kuku, Bhoke alimwambia mumewe bila kumtazama, "Baba Nyangi, likizo zote umenipeleka kwenye ng'ombe. Safari hii nataka Mwanza. Nataka gesti, kitanda kitandikwe na mtu mwingine, na chai niletewe. Useme mwenyewe leo mbele za watu, maana nakujua: tukiongea wawili tu, kesho yake mtu anakugeuza. Ukishindwa kusema, mimi naenda kwa mama yangu, kule Nyarero, na usinifuate."

Masikini Simioni! Alijua mkewe hatishii. Siku nzima pale joshoni, kila ng'ombe aliyetumbukizwa kwenye dawa alitoka amesikia kipande cha hotuba: salamu kwanza, halafu shukrani, halafu likizo zilizopita, na mwisho pendekezo. Ng'ombe hawakuwa na maoni.

Jioni jua likiwa bado lipo, watu walijaa uani. Mgeni rasmi alikuwa mwenyekiti wa kijiji, Mzee Mseti, mtu mwema lakini mwenye ugonjwa mmoja: akiona watu zaidi ya watano wamekaa, kwake huo ni mkutano. Pembeni yake alikaa Method, katibu wa kijiji, ambaye hata msibani huandika muhtasari. Wakala ugali wa mtama na kuku, pombe ikazunguka, kisha Simioni akasimama.

"Mheshimiwa mwenyekiti wa kijiji, wazee wangu, shikamooni. Mama zangu, jirani zangu, asanteni kwa kuja kula kuku wetu. Mke wangu, Mama Nyangi, asante kwa kunivumilia." Watu wakapiga makofi. Akapata nguvu.

"Likizo yetu ya kwanza ilikuwa Musoma, tukiwa maharusi. Njiani nikamwona ndama wa mtu, kaharisha mpaka macho yamezama. Ningempitaje? Mwenyewe alikuwa na msiba, akaniomba nimwuguze. Basi tulilala watatu chumba kimoja, mimi, bibi harusi na ndama. Aliyelala usingizi ni ndama."

Uwanja ukalipuka kwa kicheko. Bhoke naye alicheka, mkono mdomoni.

"Likizo ya pili tulikwenda Ikoma kwa mjomba wake Mama Nyangi. Tukapanda lori tukatazame wanyama. Nikamwona punda milia mmoja amekonda, manyoya yamesimama. Nikamwambia dereva, 'Simama, yule ana minyoo!' Mama Nyangi alinishika mkanda wa suruali. Mkanda ukakatika. Watalii hawakutazama simba tena siku ile."

"Yalaaa!" alipiga kelele Mama Wegesa, jirani yao, machozi yakimtoka.

"Na ile ya mwaka wa sabini na nne mnaijua. Tulikwenda Tarime mjini wiki mbili kwa binti yetu, kuoga maji ya bomba, tunarudi, hatuoni nyumba. Hatuoni hata jirani. Kijiji kizima mmeshahamishwa! Sisi tumekwenda likizo, nyumba nayo imekwenda likizo. Kitanda chetu tulikikuta huku kwenye kijiji kipya, na shemeji zake mwenyekiti wamekilalia."

"Walikuwa wanakilinda," alisema Mzee Mseti.

"Naam, inaelekea," alijibu Simioni. Halafu akamtazama mkewe. Sasa ndipo penyewe. "Katika zote hizo, Mama Nyangi hakupumzika hata siku moja. Kwa hiyo, mbele yenu nyote, napendekeza likizo ijayo twende Mwanza, sisi wawili, tukalale gesti, tusione hata kwato. Naomba mnyanyue vikombe..."

Jamani, lile neno *napendekeza*! Angesema "nataka" yangekwisha. Mzee Mseti alikwisha kusimama.

"Pendekezo limetolewa. Nani anaunga mkono?"

"Mwenyekiti, hii ni hotuba tu," alisema Simioni.

"Hotuba yenye hoja ndani. Method, andika. Nani anaunga mkono?"

Mama Wegesa akaunga mkono, maana alishiba. Method akafungua kalamu. Mogesi, balozi wa nyumba kumi, akaomba kuchangia. Kulala gesti, alisema, huku kitanda unacho nyumbani, ni ubepari. Halafu josho atabaki nalo nani? Mwingine akasema Mwanza kuna samaki, na Mkurya anayekula samaki wiki nzima hurudi mnyonge. Wa tatu akauliza kama wajumbe watalipiwa nauli. Wajumbe gani? Hakuna aliyejua, lakini Method aliandika.

Mogesi akaleta marekebisho ya hoja: neno "Mwanza" lifutwe, badala yake iwekwe "kijiji cha mfano chenye josho bora", na maneno "sisi wawili" yafutwe, iwekwe "pamoja na fahali la kijiji, likaone wenzake". Loo! Uwanja ukashangilia.

Bhoke alikuwa ameacha kucheka. Alifungua kanga yake, akaifunga upya kiunoni, kama mtu anayejiandaa kwa safari ya Nyarero. Simioni aliiona ile kanga.

"Hoja kama ilivyorekebishwa," alitangaza Mzee Mseti. "Wanaoafiki?"

Mikono ikapanda uwanja mzima. Mkono wa Simioni nao ulianza kupanda, kwa mazoea yake. Ukafika kifuani. Akaushika kwa mkono wa pili, akaurudisha chini, jasho likimtiririka.

"Wengi. Wanaopinga? Hakuna. Azimio lime..."

"Yupo," alisema Method.

Simioni alikuwa ameunyoosha mkono mpaka kwapa la shati likachanika.

"Bwana Mifugo, labda hukusikia. Nimesema wanaopinga."

"Nimesikia, mzee wangu. Napinga."

"Unapinga hoja yako mwenyewe?"

"Napinga fahali. Napinga josho. Napinga wote mlionyoosha mikono, mnisamehe sana, na chakula mmekula kwangu." Sauti ilimtetemeka, lakini mkono haukushuka.

Tangu kijiji kianze hapakuwahi kupatikana mpingaji, na Method hakujua amwandike wapi. Kisha Bhoke akasimama, akanyoosha mkono wake pia.

"Wanaopinga ni wawili," alisema mwenyekiti kwa huzuni. "Hata hivyo, wengi wape. Azimio limepita."

"Sawa kabisa, mwenyekiti," alisema Bhoke. "Walioafiki waende na fahali lao. Sisi wawili hatukuafiki, hatuna ruhusa ya kwenda huko; itabidi twende Mwanza."

Mzee Mseti alilitafuta kosa katika maneno hayo, hakuliona. Akamwambia Method aandike hivyo hivyo, na Mogesi akaanza kuuliza fahali litapandishwa lori gani.

Simioni alikuwa bado kasimama na mkono wake hewani, kausahau. Bhoke aliufuata, akaushusha taratibu, akaushika.

"Miaka ishirini na mitano nakuona unaunyoosha kwa kila mtu," alimwambia. "Leo umeunyoosha kwa ajili yangu."

Machozi yalikuwa yakimtoka Bhoke, wala hakuyafuta.